Je, Hitimisho Lingesimama? Namna ya Kuandika Aya ya Kupima Uthabiti

Mwisho wa ripoti nyingi za uchunguzi zinazoandikwa katika shule zetu hukutwa sentensi kama hii: "Huenda kulikuwa na makosa madogo katika vipimo, lakini hayakuathiri matokeo." Sentensi hiyo haina thamani, kwa sababu msomaji hakuelezwa ni makosa gani, wala yangekuwa makubwa kiasi gani ndipo matokeo yaathirike. Mahali pake pangestahili kukaa aya moja ambayo mtafiti hubadilisha kwa makusudi yale aliyoyachukulia kuwa kweli, akakokotoa upya, kisha akamwonyesha msomaji yaliyotokea. Hapa tutaiita aya ya kupima uthabiti.

Mfano mzuri wa kujifunzia ni uchunguzi wa daktari Mwingereza John Snow, kuhusu kipindupindu kilichoshambulia London mwaka 1854. Kusini mwa jiji hilo kampuni mbili zilikuwa zikiuza maji, na katika mitaa mingi mabomba yao yalipita pamoja, hata nyumba jirani ziliweza kupata maji kwa kampuni tofauti. Kampuni ya Southwark na Vauxhall ilichota maji ya mto Thames hapo Battersea, ambako uchafu wa jiji ulikuwa umekwisha kumwagwa mtoni. Kampuni ya Lambeth ilikuwa imehamisha mahali pake pa kuchotea mwaka 1852, ikaenda Thames Ditton, juu zaidi ya mto, kabla maji hayajafika jijini.

Katika majuma saba ya kwanza ya ugonjwa, Snow alihesabu vifo 1,263 katika nyumba 40,046 za Southwark, na vifo 98 katika nyumba 26,107 za Lambeth. Tukigawanya, twapata vifo 315 kwa kila nyumba 10,000 upande wa kwanza, na takribani 38 upande wa pili. Uwiano wake ni mara 8.4. Hitimisho la Snow lilikuwa kwamba maji machafu ndiyo yaliyoeneza ugonjwa.

Sasa tujiulize: hesabu hiyo inaegemea nini? Swali hili ndilo lililo gumu zaidi, na mwanafunzi asiliharakishe. Jambo la kwanza ni kwamba kila kifo kimewekwa chini ya kampuni yake halisi. Hilo halikuwa rahisi. Wapangaji wengi hawakujua maji yao yalitoka kwa nani, kwa kuwa aliyelipa ni mwenye nyumba. Snow alilazimika kuyapima maji kwa naitreti ya fedha, ambayo hufanya weupe kama wingu ikikutana na chumvi. Maji ya Southwark yalikuwa na chumvi karibu mara 40 kuliko ya Lambeth. Kipimo kilikuwa kizuri, lakini mtu mwenye shaka ana haki ya kuuliza: kama baadhi ya vifo viliwekwa mahali pasipo pake, je?

Jambo la pili ni vifo vilivyoachwa nje. Katika majuma manne ya kwanza kulikuwa na vifo 334. Kati yake 286 vilikuwa vya Southwark na 14 vya Lambeth. Vilivyobaki ni 34: watu 22 walikuwa wakichota mtoni wenyewe kwa ndoo, 4 walitumia visima, 4 mitaro, na 4 chanzo cha maji yao hakikujulikana. Jambo la tatu ni kwamba Snow alihesabu nyumba, si watu. Nyumba za kampuni moja zingekuwa na wakazi wengi zaidi, tofauti ya vifo ingeweza kutokana na wingi wa watu tu.

Baada ya kuyataja mambo hayo, twayabadilisha moja moja. Kanuni moja tu ni ya lazima: kila badiliko lielekezwe upande unaolidhuru hitimisho. Mwanafunzi anayejaribu mabadiliko yasiyoweza kumdhuru hajapima chochote. Ni kama mtu anayepima nguvu ya kamba kwa kuining'iniza bila mzigo. Kwa hiyo vile vifo 34 tutavihesabu vyote kuwa vya Lambeth, ingawa twajua kwamba hilo si kweli.

Aya yenyewe ingeweza kuandikwa hivi. Maneno ni yetu, si ya Snow. Tarakimu ni zake, isipokuwa za mwaka 1856.

"Tulipima kama hitimisho letu linategemea namna tulivyogawa vifo. Tulipotumia majuma manne ya kwanza peke yake, uwiano ulikuwa mara 13.3, tulipoyaacha na kutumia majuma matatu yaliyofuata, ulikuwa mara 7.6. Tulipovihesabu vifo vyote 34 tulivyoviacha nje katika majuma manne ya kwanza kuwa vya Lambeth, uwiano wa majuma hayo ulishuka hadi mara 3.9. Tulipochukulia kwamba kifo kimoja katika kila kumi vya Southwark kilikuwa kwa hakika cha Lambeth, uwiano wa majuma yote saba ulikuwa mara 3.3. Ili kampuni hizi mbili ziwe sawa, ingebidi vifo 439 vya Southwark, yaani zaidi ya theluthi, viwe vimewekwa huko kimakosa, na pasiwe na kosa hata moja la upande wa pili. Wastani wa wakazi kwa nyumba, kwa hesabu iliyotolewa mwaka 1856, ulikuwa takribani 6.7 kwa kampuni zote mbili. Kwa hiyo twashikilia kwamba nyumba za Southwark zilikuwa na vifo vingi zaidi; ukubwa wa tofauti hiyo hatuna hakika nao."

Tarakimu ya 439 yastahili kuelezwa. Vifo vyote ni 1,361 na nyumba zote ni 66,153. Kama kampuni zingekuwa sawa, nyumba za Lambeth zingepata fungu lake la vifo, nalo ni 537. Zilipata 98. Tofauti ni 439. Hapo ndipo hitimisho linapovunjika, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sentensi yenye manufaa kuliko zote katika aya, kwa sababu humwachia msomaji aamue mwenyewe kama kosa kubwa namna hiyo lawezekana.

Mwalimu awaangalishe wanafunzi wake sentensi ya mwisho pia. Uwiano umeyumba kati ya 13.3 na 3.3, hivyo haifai kuandika kwamba "matokeo hayakubadilika". Yamebadilika sana. Kisichobadilika ni mwelekeo. Na tahadhari hiyo ilikuwa na maana: mwaka 1856 John Simon, mganga wa serikali, alitoa hesabu ya ugonjwa wote wa 1853 na 1854, akapata vifo 130 kwa kila watu 10,000 waliotumia maji ya Southwark, na 37 kwa wale wa Lambeth. Uwiano huo ni takribani mara 3.5. Aliyedai mara 8.4 kama ukweli usiotikisika angeaibika. Aliyedai mwelekeo peke yake angebaki salama.

Lakini aya hii ina mpaka wake. Inaweza kuonyesha kwamba tofauti haikutokana na mgawanyo mbaya wa vifo. Haiwezi kuonyesha kwamba wateja wa kampuni hizo hawakutofautiana kwa jambo jingine, kama vile umaskini au kazi. Kwa hilo Snow alitegemea mabomba yaliyopita pamoja mtaa mmoja, matajiri kwa maskini, na hoja hiyo huandikwa katika sehemu ya mbinu, si katika aya hii.