Kitenzi cha shukrani: jinsi ya kuandika upya barua kwa mwalimu wa zamani

Barua ya shukrani kwa mwalimu wa zamani ni aina ya matini ambayo sisi wanafunzi wa lugha tunaiandika mara chache, na tukiiandika tunaiachia mazoea ituandikie. Sarufi yake huwa sahihi, adabu yake kamili, lakini mwalimu akimaliza kuisoma hajui alifanya nini. Makala haya yanachunguza barua moja tu na namna ilivyoandikwa upya. Mwandishi wake ni mwanafunzi mwenzetu hapa Kalemie, naye alikubali barua yake itumike bila jina lake wala la mwalimu wake. Tuanze na rasimu yake ya kwanza.

«Mama Mwalimu, nakuandikia kukushukuru kwa yote uliyonifanyia. Wewe ni zaidi ya mwalimu, wewe ni mzazi. Uliniongoza, ulinitia moyo, ulinifungulia milango ya maisha. Leo niko chuo kikuu kwa sababu yako. Sitakusahau kamwe. Mungu akubariki.»

Hakuna neno baya hapa. Tatizo linaonekana tukifanya jaribio la kubadilisha: tuondoe «Mama Mwalimu», tuweke «Mjomba» au «Baba Padri». Tukiacha neno «mwalimu» la sentensi ya pili, barua nzima inabaki ilivyo. Barua inayoweza kupelekwa kwa watu watatu bila kuguswa haijamtaja hata mmoja.

Sababu iko kwenye vitenzi vya sentensi ya tatu. Kila kimoja kina kiambishi cha mtenda *u-* na cha mtendwa *-ni-*, kwa hiyo kinaonekana kueleza tukio kati ya watu wawili. Lakini jaribu kukiuliza maswali ya tukio. Aliongoza lini? Kwa kusema nini? Milango ipi? *-ongoza*, *-tia moyo* na *-fungulia milango* havijibu, kwa sababu havitaji tendo. Vinatoa muhtasari wa matendo mengi ambayo mwandishi anayajua na msomaji hayaoni.

Mtu anaweza kupinga kwa kutaja barua mashuhuri kuliko zote za aina hii, ile ambayo Albert Camus alimwandikia Louis Germain tarehe 19 Novemba 1957, muda mfupi baada ya kutangaziwa Tuzo ya Nobeli. Germain alikuwa mwalimu wake wa shule ya msingi huko Aljeri. Barua ile ni fupi na haisimulii tukio. Inasema tu kwamba, baada ya mama yake, mtu wa kwanza aliyemkumbuka alikuwa mwalimu huyo, na kwamba bila yeye hayo yote yasingetokea. Ilitosha, kwa kuwa Germain alijua alichofanya: alimpa mtoto yule masomo ya ziada bila malipo na akaishawishi familia yake maskini imruhusu kufanya mtihani wa kuingia sekondari. Camus mwenyewe alipotaka wasomaji wengine waelewe, alilazimika kuyasimulia mambo hayo katika riwaya ambayo hakuimaliza, iliyochapishwa mwaka 1994.

Mama Mwalimu wetu hayuko katika hali ya Germain. Amefundisha darasa la tatu kwa miaka mingi, watoto wengi kila mwaka. Jambo lililombadilisha mwandishi wetu lilichukua dakika chache, na huenda kwake lilikuwa somo la kawaida. Asipoambiwa, hatajua kamwe kwamba ndilo lililofanya kazi.

Basi hatua ya kwanza ya kuandika upya haikuwa kuandika. Nilimwuliza mwenzangu maswali matatu. Kabla ya mwalimu huyu, ulikuwa ukifanya nini ambacho baadaye uliacha? Siku gani hasa, na yeye alifanya nini kwa mkono au kwa mdomo wake? Na leo, katika siku ya kawaida tu, unafanya nini kinachoanzia pale?

Majibu yake yalikuwa haya. Katika madarasa ya mwanzo alifundishwa kwa Kiswahili. Masomo yalipogeuka kuwa ya Kifaransa, aliacha kunyanyua mkono, akakaa hivyo kwa wiki nyingi. Siku moja, katika somo la hesabu, Mama Mwalimu alimwuliza swali, naye akanyamaza. Mwalimu akamwambia: «Sema vile munasemaka kwenu.» Akasema. Mwalimu akaiandika sentensi ile ubaoni jinsi ilivyotamkwa, kisha chini yake akaandika Kifaransa. Leo, akisoma kitabu kigumu cha isimu kwa Kifaransa, huandika maana yake pembeni kwa Kiswahili kwanza.

Tayari tunaona kwamba «ulinitia moyo» na «ulinifungulia milango» yalikuwa yamelifunika tendo moja dogo sana. Sasa kazi yetu ni ya kisarufi kweli, na ina maamuzi manne.

La kwanza ni kuchagua kati ya kauli ya kutendea na kimilikishi. Mwenzangu aliandika kwanza «uliniandikia sentensi ubaoni». Kiambishi *-i-* cha kutendea ndicho chombo chetu cha kawaida cha shukrani: ulinilipia, ulinisahihishia, ulinitafutia. Kinamfanya mshukuru kuwa mpokeaji wa msaada. Lakini «uliniandikia» pia inaweza kumaanisha uliandika badala yangu, kwa kuwa mimi sikuweza. Hilo ni kinyume cha kilichotokea. Jambo lenye uzito ni kwamba mwalimu aliitambua sentensi ile kuwa ya mtoto, akaipa nafasi ubaoni juu ya Kifaransa. Kwa hiyo: «uliandika sentensi yangu». Viambishi viwili vikiondoka na kimilikishi kikiingia, mtoto anatoka kwenye kusaidiwa na kuwa mtu aliyekuwa na la kusema. Hiyo ndiyo zawadi yenyewe, nayo ilikuwa karibu kufutwa na kauli ya heshima.

La pili ni nyakati. Rasimu ya kwanza inaruka kutoka *-li-* moja kwa moja hadi «leo niko chuo kikuu». Katikati hakuna njia. Barua mpya inahitaji *-li-* ya kuweka tukio mahali pake, *-ka-* ya kuonyesha kwamba hatua moja ilifuata nyingine, na *hu-* ya mazoea ya leo. *Hu-* ndiyo inayothibitisha mabadiliko, kwa sababu kuwa chuo kikuu kuna sababu nyingi, lakini kuandika pembeni kwa Kiswahili kabla ya Kifaransa kuna chanzo kimoja kinachojulikana.

La tatu ni sharti lisilotimia. Katika rasimu ya pili mwenzangu aliandika: «Bila wewe nisingalisoma kamwe.» Sentensi hii ni dai la sababu na matokeo, na inabidi ipimwe kama dai lolote. Nani alilipa pesa ya masomo? Mama yake mzazi, kwa kuuza samaki sokoni. Basi dai si kweli, na mwalimu mwenye busara atalijua hivyo na atapunguza uzito wa maneno mengine pia. Tulilibana mpaka likabaki na kile tu ambacho mwandishi anaweza kukishuhudia: «Usingaliniuliza hivyo, ningaliendelea kunyamaza.» Tumetumia *-ngali-* pande zote mbili kwa sababu nafasi ile imeshapita na haiwezi kurudi. Vilevile tuliondoa «kwa sababu yako», ambayo katika Kiswahili hutumika pia kulaumu.

La nne ni lahaja. Mwenzangu alitaka kuyasanifisha maneno ya mwalimu yawe «Sema kama mnavyosema nyumbani kwenu». Lakini «munasemaka», yenye *-ak-* ya mazoea tunayoitumia Kongo, ndiyo iliyomwambia mtoto kwamba lugha ya nyumbani imeruhusiwa kuingia darasani. Tukiisanifisha, tunaandika kwamba mwalimu alifanya jambo fulani kwa kutumia maneno ambayo yasingeweza kulifanya. Barua inaweza kubaki katika Kiswahili sanifu. Nukuu ibaki ilivyosemwa.

Hii ndiyo barua iliyotumwa.

«Kwako Mama Mwalimu. Mimi ni yule msichana wa darasa la tatu aliyekaa karibu na dirisha, ambaye hakunyanyua mkono tangu masomo yalipogeuka kuwa ya Kifaransa. Siku moja, katika somo la hesabu, uliniuliza swali nikanyamaza. Ukaniambia: “Sema vile munasemaka kwenu.” Nikasema. Uliandika sentensi yangu ubaoni kwa Kiswahili, kisha chini yake ukaandika Kifaransa, na hukuifuta mpaka kengele ilipolia. Kesho yake nilinyanyua mkono. Usingaliniuliza hivyo, ningaliendelea kunyamaza, maana nilikuwa nimeshazoea. Pesa ya masomo alinilipia mama kwa kuuza samaki. Wewe ndiwe uliyenifanya nijibu. Sasa nasoma isimu chuo kikuu, na nikikuta ukurasa mgumu wa Kifaransa, huandika pembeni kwa Kiswahili kwanza. Aksanti, Mama Mwalimu.»

Tukilirudia jaribio la kubadilisha, barua hii haiwezi kwenda kwa mjomba. Haiwezi kwenda hata kwa mwalimu wa darasa la nne. Tuangalie pia «hukuifuta»: ni kitenzi kikanushi, tendo ambalo halikutendeka, nalo mwandishi alilikumbuka mwishoni kabisa, baada ya kuulizwa sentensi ile ilibaki ubaoni muda gani. Maelezo ya namna hii hayaji kwa kutafuta maneno mazuri. Huja kwa kuuliza swali moja zaidi juu ya tukio lenyewe.

Njia hii ina mipaka yake. Kumbukumbu ya mtoto wa darasa la tatu inaweza kuchanganya siku mbili, ndiyo maana barua inasema «siku moja» bila kubuni tarehe. Mwalimu naye anaweza asikumbuke tukio. Alama kama dirisha na somo la hesabu zimewekwa ili apate pa kulitafutia, si kumtahini. Pia barua kwa mtu mzee mara nyingi husomwa kwa sauti na mjukuu mbele ya wageni, kwa hiyo jambo la aibu la familia, lake au lako, halina nafasi hata likiwa la kweli.

Kuna wanaosita wakidhani maneno yao hayatoshi. Mwaka 2018 watafiti Amit Kumar na Nicholas Epley walichapisha matokeo ya majaribio ambayo washiriki waliandika barua za shukrani wakieleza mtu alifanya nini na jinsi kilivyogusa maisha yao. Waandishi walikadiria vibaya: walidhani wapokeaji wangeona haya kuliko walivyoona, na wangefurahi kidogo kuliko walivyofurahi. Waandishi walihangaikia ufundi wa maneno, wapokeaji wakagusika na wema wake. Kwa hiyo marekebisho tuliyoyafanya hayakuwa ya kuipamba barua. Ukihesabu, utaona rasimu ya kwanza ilikuwa na mapambo mengi kuliko ya mwisho. Tulichotafuta ni sentensi ambayo Mama Mwalimu akiisoma ataweza kusema: kumbe nilifanya vile.