Jalada la Kazi kwa Mwandishi wa Blogu Asiye na Mteja Hata Mmoja



Wenzetu kadhaa wameniuliza namna ya kuanza kuandikia blogu za makampuni kwa malipo wakati hawajawahi kuchapishwa popote. Mteja anasema, "Nitumie kazi ulizoandika," na mwanafunzi hana cha kutuma. Anayetoa jibu hilo hahitaji stakabadhi za malipo yako ya zamani. Anataka kujua kama makala yako inaweza kukaa kwenye blogu yake bila yeye kukesha akiirekebisha. Hilo waweza kumwonyesha kwa sampuli ulizoandika bila kutumwa na mtu. Nitaeleza jinsi nilivyotengeneza jalada langu, ambalo wengine huliita potifolio, kwa makala tatu tu.

Hatua ya kwanza ni kuchagua uwanja mmoja. Jalada lenye makala moja ya mpira, moja ya afya na moja ya simu halimwambii mteja yeyote kwamba wewe ni mtu wake. Mimi huupima uwanja kwa maswali mawili. Je, naufahamu kiasi cha kuona kosa katika makala ya mtu mwingine? Na je, wapo wafanyabiashara wa uwanja huo wanaoendesha blogu? Maswali yote mawili yanahitaji jibu la ndiyo. Kijana anaweza kujua pikipiki hadi msumari wa mwisho, lakini kama mafundi wa mtaani hawana blogu, hana wa kumuuzia maandishi.

Nasoma kilimo hapa Mbale, chini ya Mlima Elgon, na huku kahawa aina ya arabika ndiyo maisha ya watu. Swali la kwanza likapita. Kwa la pili nilitafuta kwenye Google makampuni yanayosafirisha au kukaanga kahawa ya Uganda, nikaandika daftarini majina kumi ambayo blogu zao zilikuwa na makala mpya ndani ya miezi mitatu. Blogu iliyoguswa mara ya mwisho miaka miwili nyuma niliiruka, kwa sababu hiyo ni dalili kwamba hakuna anayeigharamia. Ukikosa hata majina kumi, badilisha uwanja kabla hujaandika neno.

Hatua ya pili ni kusoma blogu hizo kumi kabla ya kuandika. Tazama makala zina urefu gani, zinamsemesha nani, na ni swali gani hazijalijibu vizuri. Nyingi nilizosoma zilisifu ladha ya kahawa na mandhari ya mlima. Chache zilieleza kinachofanyika shambani kiasi cha mnunuzi kuelewa kwa nini kahawa moja ina bei kuliko nyingine. Hapo ndipo palipokuwa na nafasi yangu.

Nikaandika sampuli tatu za aina tatu, kwa Kiingereza, kwa kuwa wateja niliowalenga huuza ng'ambo. Ukiwalenga wateja wa Kiswahili, hatua ni hizi hizi. Ya kwanza ilikuwa ya kuelekeza: jinsi kahawa inavyokaushwa baada ya kuoshwa. Ya pili ilikuwa ya kufafanua: tofauti kati ya kahawa iliyomenywa na kuoshwa, kama tuliyoizoea Elgon, na ile inayoanikwa na tunda lake zima, ambayo kwa arabika ya Uganda huitwa drugari. Ya tatu ilikuwa ya mtu: siku moja ya msimu wa mavuno kwa mkulima wa Sironko, niliyemhoji kwa idhini yake. Aina hizi tatu ndizo blogu za biashara huagiza mara nyingi, na mhariri mwenye haraka hafungui zaidi ya makala mbili au tatu.

Nichukue ile ya kwanza uone ilivyojengwa. Rasimu ya kawaida ingeanza hivi: "Kahawa ni kinywaji kinachopendwa duniani kote, na ukaushaji ni hatua muhimu sana." Sentensi hiyo ingeweza kuandikwa na mtu ambaye hajawahi kuona mbuni. Mimi nilianza hivi: "Mkulima akivuna matunda mekundu asubuhi, ana hadi jioni ya siku ile ile kuyamenya. Akiyaacha yalale kwenye gunia, yanaanza kuchacha ndani ya ganda, na harufu hiyo utaikuta kikombeni." Msomaji anapata jambo moja la kweli na sababu yake tangu mstari wa kwanza.

Baada ya hapo nilifuata kazi yenyewe kwa mpangilio wake. Matunda hutiwa majini, mepesi yanaelea na kutolewa. Yaliyozama humenywa, punje huvundikwa kwa saa 12 hadi 36 kutegemea baridi ya mahali, kisha huoshwa mpaka utelezi uishe. Huanikwa kwenye vichanja vilivyoinuliwa ili hewa ipite chini, hugeuzwa mara kwa mara, na hufunikwa mvua inapokuja na usiku. Lengo ni unyevu wa asilimia 10 hadi 12. Juu ya hapo punje inaweza kuota ukungu ghalani. Ikikaushwa kupita kiasi inapoteza uzito na hupasuka wakati wa kukobolewa. Kila namba niliihakiki kwa maelezo ya darasani na kwa kumuuliza msimamizi wa kituo cha kuoshea kahawa. Makala ilifika maneno 1,000, ikagawanywa kwa vichwa vidogo vinne, kila kimoja kikijibu swali moja.

Maswali ya vichwa vidogo sikuyabuni. Ukianza kuandika swali kwenye Google, lenyewe hukupendekezea jinsi watu wengine wanavyolimalizia, na mara nyingi katikati ya matokeo kuna kisanduku kinachoitwa `People also ask`. Mhariri wa blogu anaishi kwa maswali hayo, kwa maana ndiyo yanayomletea wasomaji. Juu ya kila sampuli niliweka pia vitu viwili ambavyo angelazimika kuviandika mwenyewe: kichwa kisichozidi herufi 60 hivi, ili kisikatwe kwenye matokeo ya utafutaji, na muhtasari wa herufi zipatazo 150 unaokaa chini yake. Huchukua dakika kumi, na humwonyesha kwamba unajua makala ikitoka mikononi mwako inakwenda wapi.

Hapa kuna suala la amana. Sampuli haikuagizwa na mtu, kwa hiyo usibandike nembo ya kampuni wala kuandika kwamba uliiandikia. Mimi niliweka mstari mmoja juu: "Sampuli, imeandikwa kwa ajili ya blogu ya kampuni inayouza kahawa." Hakuna mhariri aliyenipunguzia kwa ajili ya mstari huo, na uongo kuhusu jina la mteja hugundulika kwa barua pepe moja. Picha nazo ziwe zako, au ziwe na ruhusa ya kutumika. Mkulima wangu wa Sironko nilimsomea sehemu inayomhusu kabla sijaiweka mahali popote, akanisahihisha mambo mawili.

Hatua ya tatu ni mahali pa kuziweka. Tovuti ya kulipia si lazima. WordPress.com, Blogger na Medium zote zina njia ya bure, na hata Google Docs inatosha. Ukitumia Google Docs, bonyeza `Share`, kisha badilisha `Restricted` kuwa `Anyone with the link`, na uache nafasi ya msomaji ikiwa `Viewer`. Halafu fungua kiungo hicho kwenye simu ya rafiki ambaye hamtumii akaunti moja. Akiona makala, sawa. Akiombwa aombe ruhusa, mteja naye ataona hivyo hivyo, na hataomba. Atafunga na kwenda kwa mwingine.

Ukurasa wa jalada lenyewe uwe mfupi: jina lako, sentensi moja inayosema unaandika kuhusu nini na kwa nani, viungo vitatu, na barua pepe. Chini ya kila kiungo weka mstari mmoja unaosema makala inamsaidia nani. Usipange kazi kwa tarehe. Iliyo bora iwe juu.

Hatua ya nne ni kupata walau makala moja iliyochapishwa na mtu mwingine, maana sampuli ina mpaka wake: haionyeshi kwamba umewahi kufanya kazi na mhariri na kupokea masahihisho. Niliandikia chama cha ushirika cha wakulima makala moja bila malipo. Tulikubaliana kwa ujumbe wa maandishi mambo matatu: ni makala moja tu, jina langu litaonekana, na nitaruhusiwa kuiweka kwenye jalada langu. Bila makubaliano hayo, kazi ya bure haina mwisho. Ilipotoka, niliihifadhi kama faili ya PDF siku ile ile, kwa sababu tovuti hubadilishwa na viungo hufa.

Jihadharini pia na jaribio lisilo na malipo. Kampuni moja iliniomba niandike makala nzima ya maneno 1,500 kuhusu mada waliyoichagua wao, "kisha tutaona." Mtu anayetaka kupima uwezo wako tayari ana sampuli tatu za kusoma, na aya moja au mbili za majaribio zinamtosha. Anayetaka makala kamili juu ya mada yake anataka makala. Nilijibu kwa adabu kwamba kazi hiyo naifanya kwa malipo ya jaribio, na sampuli zangu ni hizi. Hawakurudi.

Mwisho ni ujumbe wa kuombea kazi, nao usizidi mistari sita. Taja makala moja ya blogu yao uliyoisoma, swali moja la wasomaji wao ambalo bado halina jibu pale, kichwa cha makala unayopendekeza, na kiungo cha sampuli moja inayofanana nayo zaidi, pamoja na kiungo cha jalada. Usiambatishe mafaili, watu wengi hawafungui faili kutoka kwa wasiyemjua. Niliwaandikia wale kumi wa daftarini, kila mmoja ujumbe wake. Wawili walijibu, na mmoja aliagiza makala moja kuhusu jinsi ya kuhifadhi kahawa iliyokaangwa nyumbani.

Makala hiyo ilipochapishwa, niliiweka juu kabisa ya jalada na kuitoa sampuli iliyokuwa dhaifu kuliko zote. Nafanya hivyo kila kazi mpya inapotoka, na idadi naiacha pale pale, kati ya tatu na tano.

Wabillahi tawfiq.