Windows 10 imeachwa: nifanye nini na kompyuta yangu?

*Laptopu yangu ina Windows 10 na prosesa ya i5-6300U. Inafanya kazi vizuri, ila inakataa Windows 11. Fundi anasema nikiwa na antivairasi inatosha. Ni kweli? M.K., Morogoro*

Ndugu M.K., usiitupe, lakini hapo fundi amekosea. Microsoft iliacha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Antivairasi hukamata programu mbaya. Haizibi tundu lililomo ndani ya mfumo wenyewe. Na kila tundu linapozibwa kwenye Windows 11, wadukuzi huchunguza kiraka kilicholiziba, kisha hutafuta tundu hilohilo kwenye mfumo wa zamani, ambako limebaki wazi.

Tarakimu 6 inayoanza baada ya kistari inaonyesha prosesa yako ni kizazi cha sita. Windows 11 inataka cha nane kwenda juu. Kuna njia za kuilazimisha, lakini Microsoft haihakikishi kwamba kompyuta ya namna hiyo itapata masasisho, kwa hiyo unaweza kurudi palepale. Afadhali ubonyeze Windows na R, uandike `winver`. Ukiona 22H2, fungua Settings, kisha Update & Security, kisha Windows Update, ubofye `Enroll now`. Kwa akaunti ya Microsoft, ukikubali kuhifadhi mipangilio yako mtandaoni, hulipi. Masasisho ya usalama yataendelea hadi 13 Oktoba 2026. Baada ya hapo, kama kazi zako ni za kivinjari na barua, weka Linux Mint, ukishanakili mafaili yako kwenye diski ya nje. Ukitegemea programu ya uhasibu ya Windows pekee, anza kudunduliza pesa za kompyuta nyingine.