Video ya Mchele wa Plastiki Ikitaja Jina Lako
Kijitabu kwa wauzaji, wafungaji na wakoboaji wa mchele

Video hiyo huja kwa sura nyingi. Mara ni mtu anafinya tonge la wali na kulirusha chini, nalo linadunda. Mara ni mashine inalishwa mifuko chakavu, na upande wa pili zinatoka punje nyeupe. Chini yake kuna maneno ya onyo, na mara nyingine huongezwa jina la mchele fulani au la duka fulani. Kijitabu hiki ni cha mtu ambaye jina hilo ni lake.

Kilichotokea Lagos

Desemba 2016, forodha ya Nijeria ilikamata jijini Lagos magunia 102 ya mchele, karibu tani 2 na nusu, na ofisa wake akatangaza kuwa ni mchele wa plastiki. Tangazo lilitoka kabla ya maabara kusema neno. Baada ya muda mfupi Waziri wa Afya akasema hakuna ushahidi wa plastiki. Kisha NAFDAC, mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo, ikatoa majibu yake: haikuwa plastiki, bali mchele uliokuwa na bakteria kupita kiwango kinachoruhusiwa, usiofaa kuliwa. Wakati huo habari ya plastiki ilikwisha kuvuka mipaka. Mwaka 2017 ilivuma Senegali, Gambia na Ghana. Mamlaka ya Ghana ikawaomba wananchi walete mchele wanaoutilia shaka upimwe, na mchele wa plastiki haukupatikana.

Tunaanza na kisa hiki makusudi. Aliyesema ni plastiki alikosea. Lakini muuzaji ambaye angekimbilia kujibu kwamba mchele ule ni salama kabisa, naye angekosea, na watu wangeula. Uvumi unaweza kuwa wa uongo huku mfuko uliouzusha una kasoro ya kweli: ukungu, uvundo, wadudu, au mchele wa zamani uliochanganywa na mpya. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuutafuta mfuko.

Saa za mwanzo

Tuchukue mfano wa mama mwenye duka la jumla Morogoro, anayefunga mchele kwenye mifuko ya kilo 5 yenye jina lake. Asubuhi anapigiwa simu na wateja watatu wasiojuana, kila mmoja ameiona video kwenye kundi tofauti. Angekuwa mteja mmoja tu, angemjibu yeye peke yake na kunyamaza, kwa sababu tangazo la hadharani huwapelekea uvumi wengi ambao hawakuwa wameusikia. Watatu kutoka makundi matatu ni ishara kwamba habari imekwisha kutawanyika.

Anawauliza waliompigia: mfuko wenyewe anao nani, ulinunuliwa lini, bado una mchele ndani? Mara nyingi jibu ni kwamba hakuna mfuko, video ni ya nchi nyingine na jina limebandikwa tu. Akimpata mwenye mfuko, anamfuata, anamrudishia fedha yake bila ubishi na kuuchukua mfuko pamoja na mchele uliobaki. Anasoma namba ya bechi, anasimamisha kuuza mifuko ya bechi hiyo, na kuweka kando mmoja ambao haujafunguliwa. Huo ndio utakaokwenda maabara. Mfuko uliokwisha kufunguliwa nyumbani hauwezi kuthibitisha kilichokuwemo ulipotoka dukani.

Wakati huo huo anatuma maneno machache, asisubiri majibu ya maabara:

*"Ndugu wateja, tumepata video inayotaja mchele wetu. Tumemfuata mteja mwenye mfuko na tumesimamisha kuuza bechi hiyo wakati tunaichunguza. Leo saa kumi na mbili jioni tutawaeleza tulichokiona. Mwenye mfuko anaoutilia shaka aulete, tutaupokea."*

Hapo hajakanusha chochote. Amesema anachofanya na saa atakayorudi, na saa hiyo ikifika lazima arudi, hata kama hana jipya.

Anachoweza kukiona mwenyewe

Tonge kudunda si dalili ya plastiki. Mchele kwa sehemu kubwa ni wanga. Ukiiva hunata na kuvutika, na ukifinywa hewa ikatoka, tonge huruka. Utando mwembamba unaokauka ukingoni mwa sufuria ni wanga huo huo. Kuunguza punje nako kunadanganya, maana mchele pia hushika moto na kuwa mweusi. Ile mashine ya kwenye video, mara nyingi ni karakana ya kurejeleza plastiki: mifuko inayeyushwa, inatoka kama nyuzi, inapozwa majini na kukatwa vipande vya kuuzwa viwandani.

Kipimo chenye maana zaidi ni ayodini, ile dawa ya kahawia ya kupaka kwenye vidonda. Vunja punje chache, weka tone. Wanga hugeuka bluu iliyokolea hadi nyeusi; plastiki haibadiliki hivyo. Punje hizo zitupwe, zisipikwe. Na ayodini inajibu swali moja tu: haioni bakteria, sumu ya ukungu wala dawa za wadudu. Ndiyo maana mfuko uliofungwa bado unakwenda TBS, au KEBS kwa aliye Kenya.

Jibu la jioni

*"Mchele huu umetokana na mpunga wa Kilombero uliokobolewa hapa Morogoro. Video inayosema ni plastiki inaonyesha tonge likidunda, na wali wowote ukifinywa vizuri hudunda kwa sababu ya wanga. Tumetia ayodini kwenye punje za mfuko uliolalamikiwa, zimegeuka bluu nyeusi, jambo ambalo plastiki haifanyi. Mfuko mwingine wa bechi hiyo umepelekwa TBS kupimwa usalama. Bechi haitauzwa mpaka majibu yatoke, na tutayaleta hapa yakiwa mazuri au mabaya."*

Tazama ujumbe huu ulivyopangwa. Unaanza na mchele wenyewe. Uvumi umetajwa mara moja tu, katikati, pamoja na sababu ya macho kudanganyika. Mwisho unarudi kwenye kinachofanyika. Ukianza kwa kusema "si kweli kwamba mchele wetu ni wa plastiki", msomaji wa haraka anaondoka na maneno mawili, mchele na plastiki. Vivyo hivyo usiirushe tena ile video ili kuikanusha. Ikibidi kuionyesha, tumia picha moja iliyochorwa mkwaju mwekundu juu yake.

Tia tarehe na namba ya simu ya duka ndani ya picha ya tangazo, maana maelezo yaliyoandikwa pembeni hupotea likisambazwa. Rekodi pia kwa sauti yako, wateja wanaijua na wengi husikiliza kuliko kusoma.

Ujumbe wenye mishale miwili kwenye WhatsApp umekwisha kupita mikono mingi, na wewe huwezi kuona makundi ulikofika. Kwa hiyo jibu lifuate njia ile ile ya watu: wape mama lishe wanaonunua kwako, wenye maduka ya rejareja, na wale watatu waliopiga simu, kila mmoja alirudishe kwenye kundi alikouona uvumi. Aliyeusambaza mtumie ujumbe faraghani. Mwambie, "Dada, najua ulitaka kuwalinda watu. Haya ndiyo tuliyoyakuta, naomba uyaweke pale pale." Ukimsuta mbele ya kundi atatetea alichokisema, na wenzake watamfuata. Msimamizi wa kundi ana uwezo wa kuifuta video. Mwombe aifute baada ya jibu lako kusomwa, kwani ikifutwa kabla watu watasema imefichwa.

Ukibadilisha mchele, sema mapema

India, mchele ulioongezwa virutubisho ulipoanza kugawiwa, uvumi wa plastiki uliibuka huko pia. Punje hizo hutengenezwa kwa unga wa mchele uliochanganywa na madini ya chuma na vitamini, kisha punje 1 huchanganywa na takriban 100 za kawaida. Rangi yake hutofautiana kidogo, na baadhi huelea majini. Mpishi aliyezitoa akidhani ni takataka alikuwa ameona tofauti ya kweli, ila hakuna aliyemwambia. Ukianza kuuza mchele wa namna hiyo, au ukabadili mashine, aina ya mpunga au mfuko, bandika maelezo dukani na uyatume kwa wateja wiki ile ile mzigo unapoingia, pamoja na picha ya punje mpya kando ya zile walizozizoea.