Mahari au Mahali? Kuchapa Barua ya Babu Bila Kumsahihisha

Katika barua ambayo babu yangu aliiandika Kagunga mwaka 1978, kwenda kwa kaka yake Ujiji, kuna sentensi hii: "shida ya mahari ya mdogo wako tume mariza". Ukiichapa kwa haraka, mkono wenyewe utaandika "mahali" na "tumemaliza", halafu utaendelea. Kumbe hapo umeshaamua jambo zito. Mahari ni mali ya kuolea. Mahali ni kiwanja. Kwenye ukoo ambao bado unabishana nani alipewa nini, herufi moja si mchezo.

Kagunga iko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, jirani kabisa na mpaka wa Burundi, na Kiha na Kirundi vinasikika humo kila siku. Kirundi hakitenganishi r na l kama Kiswahili sanifu kinavyofanya, kwa hiyo aliyekulia huko anaweza kuandika anavyosikia. Na tahajia tunayoiita sahihi imetokana na Kiunguja, kilichochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Unguja na Kagunga ni mbali, jamani.

Rafiki yangu mmoja alishauri nibadilishe kila r iwe l kwa amri moja ya kompyuta. Haiwezekani, kwa sababu babu alikosea pande zote mbili: aliandika "kurara" kwa kulala, lakini pia "balua" na "habali". Ukigeuza kwa mkupuo, unatengeneza makosa ambayo hata yeye hakuyafanya.

Njia ninayoiamini ni kuwa na mafaili mawili. La kwanza ni nakala halisi, herufi kwa herufi, mistari ikikatika pale alipoikata yeye. Neno lisilosomeka linaandikwa [haisomeki], si kubahatisha. La pili ni la kusomwa na wajukuu, na humo unaweza kuandika barua, habari na tumemaliza, kwa sababu maana haigombaniwi. Kabla ya kuanza faili la kwanza, zima masahihisho ya kompyuta. Kwenye LibreOffice ni `Tools > AutoCorrect Options`. Usipozima, "i" iliyosimama peke yake inaweza kugeuzwa "I" bila wewe kuona, na babu wetu, anayeandika "i me fika", ana "i" za namna hiyo nyingi tu.

Sasa turudi kwenye mahari. Kwanza nilitafuta neno hilo katika barua nzima, nikalikuta mara tatu. Mara moja ameandika "mahari pa kujenga". Hiyo ni mahali, "pa" inatosha kuthibitisha. Mara nyingine ametaja mahari pamoja na ng'ombe wawili na jina la baba mkwe, nayo ni mahari kweli. Inabaki ile ya mdogo wake. Mwalimu wa sarufi angesema "ya" inaelekeza kwenye mahari, kwani mahali huchukua "pa". Lakini wengi wetu tunasema "mahali ya kukaa" bila wasiwasi, kwa hiyo "ya" si ushahidi wa kutosha.

Hapo ndo kusoma kwa sauti kunasaidia, na si jambo nililolibuni mimi. Ng'ambo ya ziwa, Lubumbashi, André Yav aliandika mwaka 1965 historia ya mji huo, zamani Elisabethville, kwa Kiswahili cha watumishi wa majumbani, maneno yakiwa yamekatwa na kuunganishwa kwa namna yake. Johannes Fabian alipoitoa kitabuni mwaka 1990 hakuisafisha. Aliweka maandishi yalivyokuwa, akamwomba Kalundi Mango, mwenyeji wa lugha hiyo, aisome kwa sauti, kisha usomaji huo nao ukaandikwa. Msomaji anaona vyote viwili.

Nami nilimsomea bibi, dada yake babu, ukurasa mzima bila kumwambia ninachotafuta. Alipofika kusikia sentensi ile alinikatiza: "Aa, hicho ni kiwanja cha kule juu, mjukuu wangu. Huyo mdogo alikuwa hajachumbia hata." Kwa hiyo kwenye faili la kusomwa nimeandika "mahali", na chini yake maelezo: babu ameandika mahari; maana hii ni kwa kauli ya dada yake. Kwenye nakala halisi neno halijaguswa.

Baba mdogo hakupenda maelezo hayo. Anasema mahari ni mahari, na kwamba bibi ana upande wake. Inawezekana. Nimeongeza kauli yake mstari wa pili, na picha ya ukurasa wenyewe nimeiweka pamoja na mafaili, ili atakayebisha aangalie mwandiko.