Nyumba Moja, Milango Mitatu

Tuseme una nyumba ya matofali ya kuchoma hapo Mbinga. Ina ukumbi katikati na vyumba vitatu kila upande. Watoto wameondoka. Baki na vyumba viwili vya mbele pamoja na ukumbi. Vinne vya nyuma wapangishe watu wawili, kila mmoja upande wake.

Kila mpangaji apate mlango wake wa nje. Chagua dirisha, ukate ukuta ulio chini yake, liwe mlango. Linta ya juu ipo tayari, nayo itaendelea kubeba ukuta. Chumba cha pili kibaki na dirisha lake. Kisha ziba milango yao ya ukumbini. Mlango wa kuunganisha vyumba viwili utahitaji linta mpya. Mwachie fundi kazi hiyo.

Sasa umeme. Luku ni moja, basi fundi mwenye leseni afunge mita ndogo kwa kila mpangaji. Mwezi uliopita mita ilisoma 120. Leo inasoma 150. Mpangaji huyo ametumia uniti 30.

Ninyi watatu mkitumia 30 kila mmoja, jumla ni 90. Hapo pana hasara. Bei nafuu ya Tanesco ni ya nyumba ambayo wastani wake hauzidi uniti 75 kwa mwezi. Mkizidi, wote mtalipa bei ya juu, hata mwenye taa moja.

Kwa hiyo, kabla ya kupokea kodi, muulize mpangaji atawasha nini. Mwalimu mwenye taa na redio hasumbui. Mwenye friji ya kuuzia soda aombe Luku yake mwenyewe.