Kufundisha Barua ya Kuomba Kuongezewa Muda wa Malipo

Barua ya biashara hufundishwa aghalabu kwa kutazama umbo lake: anwani mbili, tarehe, kichwa cha habari, mwili na sahihi. Umbo hilo mwanafunzi hulishika kwa kipindi kimoja. Linalomshinda ni kujua aandike nini katikati, na hasa pale barua inapokuwa na ombi linalomgharimu mwandikiwa fedha. Makala haya yaeleza jinsi ya kufundisha barua moja ya namna hiyo, yaani barua ya mwenye duka kumwomba mwuzaji wa jumla amwongezee muda wa kulipa, baada ya kununua kwake miaka kadhaa na kulipa kwa wakati. Vipindi vitatu vyatosha.

Mwalimu asianze na barua. Aanze na hesabu ya duka, aiandike ubaoni, na wanafunzi wainakili. Tuchukue duka la vifaa vya shule lililoko Morogoro, linalonunua madaftari, kalamu na karatasi kwa mwuzaji wa jumla wa Dar es Salaam. Kwa miaka minne, tangu Oktoba 2020 hadi Septemba 2024, duka limepokea mzigo mmoja kila mwezi wenye thamani ya shilingi 4,000,000, na sharti ni kulipa katika siku 30 tangu tarehe ya ankara. Kikomo cha deni walichokubaliana ni shilingi 5,000,000. Sasa shule tatu za bweni zataka kununua dukani hapo, lakini hulipa siku 45 baada ya kupokea vifaa. Kwa ajili yao mzigo wa mwezi utapanda hadi shilingi 6,000,000, na nusu yake itakwenda katika shule hizo. Bidhaa hukaa ghalani kiasi cha siku 15 kabla ya kuuzwa.

Wanafunzi waulizwe: fedha za mzigo wa shule zitarudi lini? Watajumlisha siku 15 za ghalani na siku 45 za kungoja, wapate 60. Hali mwuzaji wa jumla hudai fedha zake siku ya 30. Mwezi mzima katikati hauna fedha, na hapo ndipo ombi linapozaliwa. Karibu darasa zima litasema kwa sauti moja kwamba mwenye duka aombe siku 60. Mwalimu asiwasahihishe bado, bali awaache waandike rasimu ya kwanza hivyo hivyo. Rasimu hizo zikusanywe.

Katika kipindi cha pili darasa ligeuke liwe upande wa pili wa meza. Kila mwanafunzi sasa ni meneja wa mauzo kwa mwuzaji wa jumla, na mbele yake ipo barua ya mwenzake. Akitazama daftari lake la wadaiwa ataona nini? Leo duka humdai-wa shilingi 4,000,000 tu. Mzigo wa shilingi 6,000,000 ukitoka tarehe 1 Novemba kwa siku 60, utalipwa tarehe 31 Desemba. Lakini tarehe 1 Desemba utakuwa umetoka mzigo wa pili. Siku hiyo deni litakuwa shilingi 12,000,000. Maana yake ni kwamba mwenye duka haombi siku 30 zaidi tu, bali aomba akopeshwe shilingi 8,000,000 zaidi, tena kwa muda wote biashara hiyo itakapodumu, kwa sababu kila mzigo unaolipwa hufuatwa na mwingine.

Hapa ndipo mwalimu anapopaswa kukaa kwa muda mrefu kuliko mahali pengine pote. Kikomo cha deni ni shilingi 5,000,000. Rasimu nyingi za wanafunzi, na barua nyingi za wafanya biashara wenyewe, huomba siku bila kutaja kikomo. Basi mwuzaji akubali siku 60 kwa barua nzuri kabisa, na mzigo wa kwanza tu wa shilingi 6,000,000 utazuiliwa na karani wa ghala, kwa kuwa daftari lake laonyesha kwamba mteja amevuka mpaka. Muda na kikomo ni vitu viwili, na barua iombe vyote viwili.

Kisha meneja apige hesabu ya gharama. Tuseme, kwa ajili ya zoezi, kwamba yeye mwenyewe hukopa benki kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, yaani asilimia 1.5 kwa mwezi. Shilingi 8,000,000 zitamgharimu shilingi 120,000 kila mwezi. Upande wa faida, mauzo yake kwa duka hili yataongezeka kwa shilingi 2,000,000. Na akipata faida ya asilimia 8, ni shilingi 160,000. Yambakia 40,000. Sasa wanafunzi waulizwe: je, kwa shilingi 40,000 kwa mwezi ungekubali kuwa na shilingi 12,000,000 mikononi mwa mtu mwingine? Duka likishindwa kulipa, mwuzaji huyo atahitaji kuuza bidhaa za shilingi 150,000,000 ili faida ya asilimia 8 irudishe kilichopotea. Darasa litanyamaza, na mwanafunzi mmoja au wawili wataanza kuona kwamba rasimu zao ziliomba mno.

Ziliomba mno kweli, na sababu imo katika hesabu ya kwanza. Nusu tu ya mzigo ndiyo inayokwenda shuleni. Nusu ya pili huuzwa dukani kwa fedha taslimu, na fedha zake huwa zimerudi kiasi cha siku ya 15. Kwa nini basi mwuzaji aingoje kwa siku 60? Meneja mwenye akili ataliuliza swali hilo, na afadhali barua ilijibu kabla hajaliuliza. Ombi la haki ni kulipa nusu ya kila ankara siku ya 30 na nusu siku ya 60. Kwa mpango huo mzigo wa Novemba utakuwa umelipwa shilingi 3,000,000 ifikapo tarehe 1 Desemba, na deni la juu kabisa litakuwa shilingi 9,000,000. Nyongeza ya mkopo ni shilingi 5,000,000, na gharama yake kwa mwezi ni shilingi 75,000 dhidi ya faida ile ile ya 160,000. Ombi limepungua, na kwa kupungua limekuwa rahisi kukubaliwa.

Limebaki suala la sifa. Wanafunzi wataandika, “Kama ujuavyo, mimi ni mteja mwaminifu sana.” Meneja hajui hivyo mpaka afungue leja, na akiifungua ataona tarehe. Barua na itoe tarehe hizo yenyewe: ankara 48 katika miaka minne, 41 zililipwa kabla ya siku ya mwisho, 6 siku yenyewe, na moja ilichelewa siku nne. Hiyo moja isifichwe. Leja ya mwuzaji inayo, na barua inayoitaja huaminiwa katika mengine yote. Vile vile mwandishi ataje siku zinahesabiwa tangu lini. Ankara ya tarehe 5 Machi ikihesabiwa siku 30 tangu tarehe yake, hulipwa tarehe 4 Aprili. Ikihesabiwa tangu mwisho wa mwezi, hulipwa tarehe 30 Aprili. Tofauti ya siku 26 imewahi kuharibu urafiki wa wafanya biashara wengi.

Katika kipindi cha tatu barua iandikwe upya. Mfano ufuatao mwalimu auonyeshe baada ya wanafunzi kumaliza kazi yao, si kabla:

Meneja wa Mauzo,
Dar es Salaam.

7 Oktoba 2024

Ndugu Meneja,

YAH: OMBI LA KUBADILI MUDA WA MALIPO NA KIKOMO CHA DENI

Tangu Oktoba 2020 tumepokea kwenu ankara 48. Kati ya hizo, 41 tulizilipa kabla ya siku ya 30 na 6 siku yenyewe. Moja tuliilipa siku nne baada ya muda wake. Leo hatuna ankara iliyopitwa na muda.

Shule tatu za bweni zimetuagiza vifaa vya kila mwezi kuanzia Novemba. Kwa sababu hiyo tungependa kuongeza mzigo wetu kutoka shilingi 4,000,000 hadi 6,000,000 kwa mwezi. Shule hizo hulipa siku 45 baada ya kupokea vifaa, na nusu ya mzigo itakwenda kwao.

Twaomba basi kwamba ankara za kuanzia tarehe 1 Novemba 2024 zilipwe nusu katika siku 30 na nusu katika siku 60 tangu tarehe ya ankara, na kikomo cha deni kipandishwe kutoka shilingi 5,000,000 hadi 9,000,000. Ankara ya Oktoba tutailipa kwa masharti ya zamani.

Twapendekeza mpango huu ujaribiwe kwa miezi sita, kisha muutazame upya. Malipo yoyote yakichelewa, mwaweza kurudisha masharti ya sasa bila kungoja miezi hiyo iishe. Tumeambatanisha nakala za hati za kuagizia za shule hizo. Tutashukuru kupata jibu kabla ya tarehe 21 Oktoba, ili tuzijibu shule kwa wakati.

Wako mwaminifu,
(sahihi)
Mwenye duka

Wanafunzi watauliza kwa nini hamna maneno ya unyenyekevu. Wengi wetu tulijifunza kuomba kwa kuandikia ofisi za serikali, na tumezoea “nakuomba kwa heshima na taadhima”. Kwa maoni yangu maneno hayo humtia mwuzaji wasiwasi, kwani humfanya adhani kwamba mteja amezama. Ni hivyo hivyo kwa “hali ngumu ya uchumi”. Sababu ya ombi hili ni wateja wapya wanaochelewa kulipa, nayo yatosha ikielezwa ilivyo.

Tarehe ya barua nayo ina kazi. Imeandikwa kabla mzigo mpya haujaagizwa na hali hakuna deni lililochelewa. Barua ile ile ikifika siku tano baada ya ankara kupitwa na muda, husomwa kama kilio cha mtu aliyeshindwa, na jibu laweza kuwa kutaka fedha taslimu kabla ya kila mzigo. Kwa sababu hiyo pia ombi lahusu ankara mpya tu.

Kwa zoezi la nyumbani, mwalimu awape jibu la mwuzaji: amekubali nusu kwa nusu, lakini kikomo amekiweka shilingi 7,000,000. Wanafunzi wapige hesabu ya tarehe 1 Desemba. Deni litakuwa shilingi 3,000,000, na ghala itatoa bidhaa za shilingi 4,000,000 tu. Basi waandike barua fupi ya kujibu, wakichagua kati ya kuomba mzigo wa mwezi ugawanywe mara mbili, au kulipa shilingi 2,000,000 kabla ya muda wake, na waonyeshe fedha hizo zitatoka katika mauzo gani.